Kuku hadi bata kwa hatua chache kabisa: programu yangu inazunguka mno

Mwl_Nyalenda (Kisumu)

Habari za jioni wanajukwaa. Nina klabu ya kompyuta ya vijana wa kidato cha tatu hapa Kisumu, na juma hili niliwapa fumbo la ngazi ya maneno. Unaanza na neno moja, unabadilisha herufi moja tu kwa kila hatua, na kila unapokanyaga lazima pawe na neno lililo kwenye orodha. Urefu wa neno haubadiliki. Fumbo lenyewe ni KUKU hadi BATA kwa hatua chache iwezekanavyo.

Msichana mmoja alilimaliza kwa chaki kompyuta zikiwa bado zinawaka: kuku, kutu, kuta, kata, bata. Hatua nne. Programu yangu nayo imeleta ngazi ya maneno zaidi ya thelathini, imepitia soko, soka na sijui wapi kwingine ndipo ikafika kwa bata. Nimeikagua, kila hatua ni halali. Tena nikiipa orodha kubwa, maneno kama elfu ishirini ya urefu mbalimbali, inakaa kweli kweli. Kiini chake ni hiki:

```python
foleni = [mwanzo]
while foleni:
    neno = foleni.pop()
    for m in maneno:
        if m not in mzazi and tofauti(neno, m) == 1:
            mzazi[m] = neno
            foleni.append(m)
```

`tofauti` inahesabu nafasi ambazo herufi hazilingani. `mzazi` inakumbuka kila neno lilitoka kwa neno gani. Tatizo liko wapi jameni?

---

Omosh_Kondele (Kisumu)

Mwalimu, unajisumbua bure na hiyo foleni. Weka neno la mwanzo na la mwisho sambamba. Herufi zinazotofautiana ni nne, basi hatua ni nne. Badilisha moja moja kuelekea lengo, kila mara ukiangalia kama neno lipo. Likikosekana, jaribu kuanza na herufi nyingine. Mistari kumi hivi, kwisha.

---

FundiFoleni (Nakuru)

Mwalimu, una mambo mawili tofauti. Moja linaharibu jibu, lingine linaharibu muda.

La jibu ni `pop()`. Ukiiita hivyo bila kitu kwenye mabano, Python inatoa kilichoingia mwisho. Kwa hiyo umeandika foleni lakini anayehudumiwa kwanza ni aliyefika sasa hivi. Programu inashika neno jipya kabisa, inapata jirani yake, inamshika huyo, na kuendelea hivyo hivyo hadi ikwame. Huko ni kutafuta kwa kina kwanza. Itafika bata kama njia ipo, ila haijali imezunguka kiasi gani. Dalili yake ndiyo hiyo uliyoiona: ngazi halali lakini ndefu ajabu.

Unachotaka ni upana kwanza: umalize majirani wote wa kuku kabla hujagusa jirani wa jirani. Badala ya orodha ya kawaida tumia `deque` kutoka `collections`, na `popleft()` inayotoa kilichoingia kwanza. `pop(0)` nayo ingetoa jibu sahihi, ila kila ukitoa kitu cha kwanza kwenye orodha, vyote vilivyobaki vinasogezwa nafasi moja.

Tuifanye kwa mkono. Nachukulia tunajaribu nafasi kuanzia kushoto, na herufi kwa mpangilio wa alfabeti. Kwenye orodha yangu, majirani wa kuku ni buku, huku, kufu, kutu, kuvu na kuko. Hao ndio tabaka la kwanza, wanaingia kwenye foleni kwa mpangilio huo huo.

Sasa buku anatoka. Anawaleta bubu, butu na buyu. Huku anawaleta huru, huyu na huko. Kufu analeta kufa. Kutu anawaleta katu, kitu, kuta na kuti. Butu pia ni jirani yake, lakini ameshaandikwa kwa jina la buku, kwa hiyo haandikwi tena. Kuvu anawaleta kavu na kovu. Kuko anawaleta kiko na koko. Tabaka la pili limeisha, na hakuna neno hata moja la tabaka la tatu lililotolewa kabla ya hapo. Huo ndio ulinzi wote wa upana kwanza: foleni haichanganyi matabaka. Neno likionekana mara ya kwanza, limeonekana kwa njia fupi kabisa, kwa sababu kila kilicho karibu zaidi kimeshapita.

Tabaka la tatu ndimo kata anamoingia, na bata anaingia la nne. Hatua nne, na haziwezi kupungua kwa sababu kuku na bata hawana herufi hata moja inayolingana.

Suala la muda nitaliandika nikitoka kula.

---

Mwl_Nyalenda

Asante sana Fundi. Nimebadilisha ikawa `popleft()` na sasa ni hatua nne. Lakini imenipa *kuku, kutu, katu, kata, bata*. Msichana wetu alipitia kuta. Nani yuko sahihi?

---

FundiFoleni

Wote wawili. Njia fupi kabisa si lazima iwe moja. Rudi kwenye foleni hapo juu: katu aliingia kabla ya kuta, kwa sababu tulijaribu nafasi ya pili kabla ya ya nne. Katu akatoka kwanza, akamchukua kata, `mzazi["kata"]` ikawa katu. Kuta alipofika akakuta kata ana mwenyewe. Ungejaribu nafasi kuanzia kulia, ungepata ngazi ya yule binti. Kwa hiyo ukiwasahihisha wanafunzi, linganisha idadi ya hatua na uhakikishe kila hatua ni halali. Usilinganishe maneno yenyewe.

Omosh, nakuja kwako. Uko sahihi nusu. Idadi ya herufi zinazotofautiana ni sakafu: hatua haziwezi kuwa chini ya hapo. Lakini si ahadi kwamba hatua zitatosha hizo. Toa kutu kwenye orodha uone. Ukianza kwa kuelekea lengo una buku tu. Kutoka buku unapata butu, vizuri, sasa una b na t mahali pake. Kutoka butu njia yako inataka batu au buta, na kwenye orodha yangu hamna. Umekwama, na hakuna pa kuanzia pengine.

Njia ipo lakini: kuku, buku, butu, buti, bati, bata. Hatua tano. Angalia herufi ya mwisho: u imekuwa i, kisha i ikawa a. Imebadilishwa mara mbili, na mara ya kwanza haikutusogeza karibu na lengo hata kidogo. Kanuni yako inakataza hatua ya aina hiyo. Kuna nyingine ya tano pia: kuku, kufu, kufa, kuta, kata, bata. Hii hatua yake ya kwanza kabisa haisogei popote.

---

Omosh_Kondele

Sawa omera, hapo umenishika. Lakini ile sakafu inaweza kutumika, ama? Kuchagua neno la kutoa kwanza?

---

FundiFoleni

Inaweza. Unajumlisha hatua ulizokwisha tembea na herufi zilizobaki kutofautiana na lengo, halafu unatoa neno lenye jumla ndogo. Kwa kuwa ile hesabu haizidishi kamwe umbali wa kweli, jibu linabaki fupi kabisa. Huo ni utafutaji wa A*, na unahitaji foleni ya kipaumbele badala ya foleni ya kawaida. Kwa maneno ya herufi nne sioni faida ya kuwachosha vijana wa kidato cha tatu nao.

---

Nasimiyu_Bgm (Bungoma)

Mulembe. Hii imekuja wakati mzuri. Mimi nina kazi ya kuonyesha njia fupi ya matatu kutoka Kisumu hadi Kitale, stendi kwa stendi. Nikiweka stendi badala ya maneno, si ni kitu kile kile? Nauli nimeziweka kwenye jedwali tayari.

---

FundiFoleni

Dada Nasimiyu, upana kwanza unahesabu hatua, na kila hatua kwake ni moja. Itakupa njia yenye kubadilisha gari mara chache zaidi. Ikiwa unataka nauli ndogo, njia ya magari matatu inaweza kuwa nafuu kuliko ya mawili, na utafutaji huu hauoni hilo. Unahitaji utafutaji wa Dijkstra, unaojumlisha nauli badala ya kuhesabu hatua. Kwenye maneno tunaponea kwa sababu kubadilisha k kuwa t ni sawa na kubadilisha u kuwa a: hatua moja.

Tofauti ya pili ni kwamba stendi zako unazo zote kwenye jedwali, na ni nani anaungana na nani pia umeshaandika. Kwenye fumbo la mwalimu hakuna aliyechora grafu. Ipo kwa kanuni tu: maneno mawili ni majirani ikiwa yanatofautiana herufi moja. Majirani unawazalisha pale unapowahitaji, na neno ambalo utafutaji haukulifikia halikugharimu chochote. Na hapa ndipo muda wa mwalimu unapopotea.

Mwalimu, wewe ukitaka majirani wa neno moja unapita orodha nzima. Maneno elfu ishirini, kwa kila neno linalotoka kwenye foleni. Kwanza ondoa yasiyo na urefu sawa na la mwanzo, hayo hayawezi kuingia kwenye ngazi hata iweje. Lakini hata baada ya hapo unauliza swali kinyumenyume. Usiulize "ni maneno gani kati ya haya yote yanafanana na kuku?" Tunga mwenyewe kila kinachoweza kuwa jirani, kisha uulize kama kipo.

```python
HERUFI = "abcdefghijklmnoprstuvwyz"

def majirani(neno, maneno):
    for i in range(len(neno)):
        for h in HERUFI:
            if h != neno[i]:
                jipya = neno[:i] + h + neno[i+1:]
                if jipya in maneno:
                    yield jipya
```

Nimeacha q na x, zimebaki herufi 24. Kila nafasi ina mbadala 23, nafasi nne zinaleta 92. Auku, buku, cuku, duku... nyingi ni takataka, na sita tu kati yake ni maneno kwenye orodha yangu. Haidhuru. Maswali 92 ni 92 iwe orodha ina maneno elfu moja au laki moja.

Sharti moja: `maneno` iwe seti. Ukiacha orodha ya kawaida, ule mstari wa `in` unapita orodha nzima kimyakimya, na sasa unaipita mara 92 badala ya mara moja. Utakuwa umeifanya polepole zaidi kuliko mwanzo na hutaona kwa nini, maana msimbo unaonekana mzuri.

---

Kijana_Njoro (Njoro)

Sisi tulifundishwa njia ya vikapu. Kila neno unalificha herufi moja moja: kuku anaingia kwenye `*uku`, `k*ku`, `ku*u` na `kuk*`. Kikapu cha `ku*u` kinajikuta na kuku, kufu, kutu na kuvu, na wote humo ni majirani wao kwa wao. Hakuna kutunga takataka. Hii si bora zaidi?

Swali lingine: kuna ulazima wa kuandika mzazi wakati neno linaingia kwenye foleni? Mimi huliandika "limeonekana" wakati linatoka, na majibu huwa sawa.

---

FundiFoleni

Vikapu ni vizuri ukiwa na mafumbo mengi juu ya orodha ile ile. Gharama yake unailipa mwanzoni: kila neno la herufi nne linaandikwa mahali panne, hata yale ambayo hutayafikia. Kwa fumbo moja, kutunga kunatosha. Kwa mamia, jenga vikapu mara moja uviache kwenye kumbukumbu. Na kama alfabeti ingekuwa kubwa, tuseme mamia ya alama, ningeenda kwenye vikapu moja kwa moja.

Donald Knuth alishajenga grafu ya namna hii kwa maneno 5,757 ya Kiingereza ya herufi tano. Kulinganisha kila jozi hapo ni zaidi ya milioni 16. Miunganisho iliyopatikana ni 14,135 tu, yaani kila neno lina majirani watano hivi kwa wastani, na maneno 671 hayana jirani hata mmoja. Grafu hizi huwa tupu kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana kulinganisha kila mtu na kila mtu ni kazi ya bure.

Kuhusu wakati wa kuandika: jibu lako litakuwa sahihi, ila angalia butu. Buku anamwingiza. Hajatoka bado, kwa hiyo hajaandikwa. Kutu anafika, anamwona mpya, anamwingiza tena. Sasa yuko mara mbili kwenye foleni. Kwa mfano huu ni mzaha, lakini kwenye kikapu chenye maneno kumi yanayojuana, kila mmoja anaingizwa na wengi na foleni inavimba. Tena kama kila anayemwingiza anaandika upya `mzazi`, ukoo unaweza kubadilika wakati neno bado linasubiri, hata mzazi akawa wa tabaka lile lile, na ngazi utakayoirudisha ikarefuka. Hilo nimelishuhudia kwa watu wazima. Andika anapoingia, yaishe:

```python
for j in majirani(neno, maneno):
    if j not in mzazi:
        mzazi[j] = neno
        foleni.append(j)
```

Ukifika kwa bata, unarudi nyuma kwa `mzazi` hadi kuku, kisha unaigeuza orodha.

---

Omosh_Kondele

Nina wazo la kupunguza zile 92. Kiswahili kina mpangilio: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kwenye nafasi ya irabu jaribu irabu tu, kwenye ya konsonanti jaribu konsonanti tu. Kwa kuku ni 18, 4, 18, 4. Jumla 44. Nusu ya kazi imekwenda.

---

Mzee_wa_Mafumbo (Kakamega)

Kijana, hesabu yako ni safi lakini Kiswahili kimekuponyoka. Mtu na utu. Mti na uti. Mzee na uzee. M pale mwanzoni ni konsonanti inayosimama kama silabi, na irabu inaweza kukaa mahali pake. Tazama pia kiko na kioo, au kuta na kuua. Ukiifunga milango hiyo, mzee hatafika kwenye uzee hata siku moja, na ni hatua moja.

---

FundiFoleni

Mzee amemaliza. Nitaongeza tu kwamba kosa la aina hiyo ni baya kuliko polepole, kwa sababu halitoi onyo. Programu itakwambia hakuna njia, au itakupa njia ndefu kwa sura ya ujasiri kabisa. Ukitaka kupunguza kwa usalama, tafuta kutoka pande zote mbili: tabaka moja kutoka kuku, tabaka moja kutoka bata, kila mara ukipanua upande wenye maneno machache, hadi zikutane. Inawezekana kwa sababu ujirani ni wa pande zote, kuku akiwa jirani wa kutu na kutu ni jirani wa kuku. Ila lazima umalize tabaka zima ndipo uchague mahali pa kukutana. Ukikatisha katikati yake unaweza kupata ngazi iliyozidi kwa hatua moja.

---

Mwl_Nyalenda

Nimeweka seti na majirani wa kutungwa. Orodha kubwa sasa inajibu papo hapo. Lakini nina jambo jipya: *bata* hadi *ziwa* inarudisha `None`, na nina uhakika ziwa lipo kwenye faili, naliona kwa macho.

---

Kijana_Njoro

Mwalimu, chapisha `repr` ya kila neno kwenye seti lenye `iwa` ndani yake. Ukiona `'ziwa\n'` au `'Ziwa'` umepata mchawi. Mstari wa faili unakuja na alama yake ya mwisho. `strip().lower()` wakati wa kusoma.

---

Mwl_Nyalenda

Ni `'Ziwa'`. Aliyeandaa orodha aliweka herufi kubwa kwenye baadhi. Imekubali sasa. *Mbwa* hadi *paka* bado ni `None`, hata baada ya kusafisha.

---

FundiFoleni

Hiyo naiamini. Chapisha majirani wa mbwa peke yake. Kwenye orodha yangu napata mbwe tu, na mbwe naye hana mwingine. Foleni inaisha baada ya maneno mawili. `None` inayokuja upesi namna hiyo ni kisiwa. Ukitilia shaka, geuza: tafuta kutoka paka, uone imefikia maneno mangapi kabla ya kukata tamaa. Yakiwa mengi sana, orodha yako ni nzima na mbwa ndiye aliyejitenga.

---

Mzee_wa_Mafumbo

Mimi nina lalamiko. Mnahesabu *ch* kama herufi mbili. Kwa wino wangu *choo* na *koo* ni majirani, herufi moja imebadilika. Programu yenu inasema urefu haulingani. Na c peke yake haipo kwenye Kiswahili, mbona mnaijaribu?

---

FundiFoleni

C nimeiacha kwa ajili hiyo hiyo mzee: bila yake *shoka* hafiki *choka*, maana kompyuta inaona s ikigeuka c. Ukitaka ch iwe kitu kimoja inawezekana. Kila neno, pamoja na yaliyo kwenye seti, unaligawa kwanza liwe mfuatano, `("ch","o","o")`, `HERUFI` inakuwa orodha yenye `"ch"` ndani, halafu kwenye kutunga unaandika `neno[:i] + (h,) + neno[i+1:]`. Utafutaji wenyewe haubadiliki hata mstari mmoja. Kuku atapata jirani mpya, chuku. Kwa bata bado ni hatua nne, sakafu haijashuka.

---

Mzee_wa_Mafumbo

Basi na *ng'* je? Na *ny*, na *sh*? Ukikubali ch kwa sababu ni sauti moja, hizo nazo ni sauti moja moja.

---

Kijana_Njoro

Mimi ningeacha herufi za kibodi. Mtoto anahesabu anachoandika. Na ile alama ya ng' kwenye faili nyingi imeandikwa kwa namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, hata *ng'oa* na *ng’oa* ni maneno mawili kwa seti.

---

Mzee_wa_Mafumbo

Hilo la alama ni la kusafisha faili, si sababu ya kuikata sauti vipande viwili. Mwalimu, wewe ndiye mwenye klabu. Amua, kisha uweke kanuni ubaoni kabla ya fumbo, maana watoto wangu hapa wameanza kugombana juu ya *nyoka* na *toka*.